Muhuri juu ya tarakimu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ankara zilizoskaniwa

Maswali haya yametoka kwa wahasibu, watunza stoo na vijana wanaoingiza data. Kila siku wanaskani ankara na hati za kupokea mizigo, wanazipitisha kwenye programu ya kusoma maandishi (OCR), kisha wanashangaa kuona hesabu za mwisho wa mwezi hazikubaliani. Mifano nimeichukua kwenye ankara za vifaa vya ujenzi za Tanzania Bara, zenye VAT ya asilimia 18, kwa sababu ndizo ninazoshika kila siku. Programu ninayoizungumzia ni Tesseract, kwa kuwa ni ya bure na wengi wanayo. Majibu mengi yanafaa hata kwa programu nyingine.

## Mambo ya mwanzo

1. Mimi naisoma tarakimu chini ya muhuri bila shida. Kwa nini programu inashindwa?

Wewe unaona vitu viwili: wino wa zambarau wa muhuri juu, na wino mweusi wa printa chini. Macho yanavitenganisha kabla hujafikiri. Programu kwa kawaida huanza kwa kuigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe tupu, na kwa hatua hiyo moja wino wote unakuwa kitu kimoja. Ukingo wa muhuri uliopita kwenye 3 si ukingo tena, umekuwa sehemu ya tarakimu.

Halafu tarakimu hazina jirani wa kuzitetea. Neno "JUMLA" likipakwa wino kwenye herufi moja bado litasomeka, maana hakuna neno lingine linalofanana nalo mahali pale. Lakini 523,800 na 528,800 zote ni namba halali, na hakuna kamusi itakayosema moja si neno.

2. Ni makosa gani hasa hutokea?

Yako ya aina tatu, na inafaa kuyatofautisha kwa sababu dawa zake si moja.

Aina ya kwanza ni tarakimu kubadilika umbo. Mstari wa mviringo ukifunga upande wa kushoto wa 3, inakuwa 8. Mkia wa saini ukipita juu ya 1, inakuwa 7, na ukikatiza katikati inaweza kuwa 4. Sifuri iliyokatwa na kalamu husomwa 8 au 6. Nukta ndogo ya wino ikidondoka kati ya tarakimu mbili inahesabiwa kuwa alama ya desimali, na 1250000 inageuka 1250.000.

Aina ya pili ni kuongezeka kwa tarakimu ambazo hazikuwepo. Karani anayekagua bei huweka tiki pembeni ya kila kiasi, na tiki ile husomwa 1, 7 au V. Kiasi cha 840,000 kinaingia kwenye Excel kama 7840,000. Tatizo hili huwa kubwa zaidi ukiilazimisha programu isome tarakimu tu kwa `tessedit_char_whitelist`. Ukiinyima herufi, kila uchafu utatafutiwa tarakimu ya kufanana nayo, na O ya neno "IMEPOKELEWA" kwenye muhuri inakuwa sifuri.

Aina ya tatu ni mstari mzima kutoweka. Programu hutafuta mistari ya maandishi kwa kuangalia vipande vya wino vinavyogusana. Muhuri uliogongwa kimshazari unaunganisha mistari mitatu au minne kuwa donge moja kubwa, na programu inaamua kuwa donge hilo ni picha, si maandishi. Inaliruka, pamoja na tarakimu zote zilizolala ndani yake.

3. Kati ya kutosomwa na kusomwa vibaya, kipi kibaya zaidi?

Kusomwa vibaya, tena kwa mbali. Seli tupu inaonekana, na mtu atakwenda kuangalia karatasi. Tarakimu iliyobadilika inakaa kwenye jedwali imetulia kama wenzake, hadi siku muuzaji anapopiga simu kudai pesa ambazo vitabu vyenu vinasema hazipo. Ndiyo sababu majibu mengi ya ukurasa huu yanahusu namna ya kuigundua tarakimu kama hiyo. Kumlazimisha Tesseract asome kila kitu si lengo.

## Wakati wa kuskani

4. Niskani kwa rangi, kijivu, au nyeusi na nyeupe?

Kwa rangi, hata kama ankara yenyewe ni nyeusi mwanzo mwisho. Rangi ndiyo kitu pekee kinachotofautisha wino wa muhuri na wino wa printa, na ukiitupa kwenye skana hakuna programu itakayoirudisha.

Skana nyingi za ofisini zimewekwa kwenye hali ya "Text" au "Black & White" ili mafaili yawe madogo. Niliwahi kupokea folda la ankara za mwaka mzima kutoka kwa mteja, zote zimeskaniwa hivyo, na karatasi zenyewe zilikuwa zimeshachanwa. Tulichoweza kufanya ni hesabu za jibu la swali la 11 tu, na sehemu kubwa ilibidi isomwe kwa macho.

Hifadhi kwa PNG au TIFF. Ukilazimika kutumia JPEG, weka ubora wa juu. JPEG kwa kawaida huhifadhi rangi kwa usahihi mdogo kuliko mwanga, kwa hiyo zambarau ya muhuri inavuja na kupaka kingo za tarakimu nyeusi. Hutaliona hilo kwa macho mpaka ukuze picha, lakini litakusumbua ukijaribu kuitoa rangi.

5. dpi ngapi zinatosha?

300. Kwa kiwango hicho tarakimu ya kawaida ya ankara, yenye kimo cha milimita mbili na nusu hivi, inapata pikseli kama 30 kwenda juu. Mstari wa kalamu ya nusu milimita unapata pikseli 6, mara nyingi mnene kuliko mistari ya tarakimu yenyewe. Ukishuka hadi 150, kila kitu kinagawanyika nusu, na nafasi iliyo wazi kwenye ubavu wa 3 inabaki pikseli chache ambazo wino kidogo tu unaziba. Tumia 400 kama maandishi ni madogo sana. Kupanda zaidi ya hapo kunajaza diski bila faida ya maana.

6. Tunapiga picha kwa simu na kutumiana WhatsApp. Kuna ubaya?

Upo, sehemu mbili. Programu za kuskani kwenye simu hupenda kuweka kichujio cha kung'arisha kinachogeuza karatasi kuwa nyeusi na nyeupe, na hapo umerudi kwenye tatizo la swali la 4. Zima kichujio, chagua rangi halisi. Pili, WhatsApp ikituma picha kama picha huibana. Itume kama hati, ifike jinsi ilivyo.

7. Tugonge muhuri wapi, na kwa wino gani?

Hapa ndipo pesa kidogo huokoa kazi nyingi. Wino uwe wa bluu, zambarau au mwekundu, kamwe usiwe mweusi. Kalamu ya kusaini vilevile. Nunua pedi ya zambarau na boksi la kalamu za bluu, ukazitoe zile nyeusi kwenye kaunta ya kupokelea mizigo.

Mahali, gonga upande wa kushoto chini, mbali na safu ya viasi. Kosa la kawaida ni kugonga kulia chini, kwa sababu ndipo macho ya mpokeaji yanapoishia baada ya kusoma jumla, na ndipo jumla na VAT zilipo. Kama ankara mnazichapisha wenyewe, wekeni kisanduku chenye maneno "Muhuri na saini hapa". Watu huheshimu kisanduku kuliko tangazo la ukutani.

## Kuutoa muhuri kwenye picha

8. Nitautoaje muhuri wa rangi bila kuigusa tarakimu?

Kila pikseli ya picha ya rangi ina namba tatu: nyekundu, kijani na bluu, kila moja kati ya 0 na 255. Wino mweusi unameza mwanga wote, kwa hiyo namba zote tatu ziko chini. Wino wa rangi humeza baadhi na kurudisha baadhi, kwa hiyo angalau namba moja iko juu. Basi kwa kila pikseli, chukua ile iliyo kubwa kuliko zote na usahau nyingine.

Tuchukue namba zinazofanana na za muhuri wa zambarau wa kawaida: nyekundu 120, kijani 80, bluu 190. Ukiigeuza picha kuwa kijivu kwa njia ya kawaida, ambayo inaipa kijani uzito mkubwa na bluu uzito mdogo, muhuri huo unapata 104 hivi. Wino wa printa uko kwenye 40 na karatasi 245. Ukikata katikati, tuseme 140, muhuri unaangukia upande wa weusi pamoja na tarakimu. Lakini ukichukua iliyo kubwa kuliko zote, muhuri unapata 190 na unaangukia upande wa karatasi. Pale unapokatiza tarakimu, wino mweusi wa chini bado unameza mwanga wote, kwa hiyo tarakimu inabaki.

```python
import cv2
picha = cv2.imread("ankara.png")
mwanga = picha.max(axis=2)
_, safi = cv2.threshold(mwanga, 140, 255, cv2.THRESH_BINARY)
cv2.imwrite("mwanga.png", mwanga)
cv2.imwrite("safi.png", safi)
```

Hiyo 140 si amri. Fungua picha ya `mwanga`, angalia namba za muhuri na za tarakimu kwenye karatasi zako, kisha weka kizingiti katikati yao. Muhuri mzito uliogongwa kwa pedi mpya unahitaji kizingiti cha chini zaidi, lakini ukishusha mno mistari myembamba ya tarakimu inaanza kukatika, na 8 iliyokatika ubavuni inakuwa 3. Yaani unaweza kulitengeneza kosa lilelile kwa upande wa pili.

Baadhi ya watu huchukua chaneli ya bluu peke yake, kwa kuwa muhuri wa bluu hufifia pale. Inafanya kazi hadi siku mtu anapopaka jumla kwa kalamu ya njano ya kuangazia. Njano inameza bluu, na kwenye chaneli hiyo jumla yote inageuka bamba jeusi. Njia ya juu haina tatizo hilo.

9. Saini ni ya kalamu nyeusi. Je, nayo inatoka?

Haitoki kwa rangi, maana hakuna rangi ya kutenganisha. Kuna njia za kujaribu kuufuata mstari wa kalamu na kuufuta, zikitegemea unene au mwelekeo wake. Zinafaa kwa mstari mnyoofu mrefu, kama ule wa jedwali. Saini inapinda, inanenepa na kukonda, na mara nyingine inapita juu ya mstari wa tarakimu kwa mwelekeo uleule. Ukiifuta, unaondoka na kipande cha tarakimu.

Ushauri wangu ni kutoifuta. Weka alama kuwa eneo hilo limefunikwa, soma kinachosomeka, na peleka kilichobaki kwenye hesabu ya swali la 11 au kwa macho ya mtu. Kama ankara ilitumwa kwa barua pepe kabla ya kuchapishwa na kusainiwa, itafute PDF ile ya awali. Mara nyingi tarakimu zimo ndani yake kama maandishi kamili na hazihitaji OCR kabisa. Utacheka ukijua ni mara ngapi watu wanapigana na skani ya karatasi ambayo nakala yake safi imelala kwenye barua pepe zao.

10. Nimetoa rangi na tarakimu zenyewe zimepotea. Nimekosea wapi?

Yaelekea karatasi yako ni nakala ya kaboni, ile ya pili au ya tatu kutoka kwenye kitabu cha ankara au printa ya pini. Tarakimu za nakala hizo zenyewe ni za bluu au zambarau. Kwa hesabu ya swali la 8, hizo nazo ni "wino wa rangi", na zinaondoka na muhuri.

Kwa karatasi hizi tumia kijivu cha kawaida na ukubali kuwa muhuri utabaki. Zitenganishe kwenye folda lake tangu mwanzo, usizichanganye na nakala za kwanza.

## Kukagua kilichosomwa

11. Nitajuaje kuwa tarakimu fulani imebadilika?

Ankara ina faida moja: namba zake zinategemeana. Idadi mara bei ni kiasi, viasi vikijumlishwa ni jumla ndogo, asilimia 18 ya jumla ndogo ni VAT, na zote pamoja ni jumla kuu. Kila uhusiano ni shahidi. Watu wengi hukagua ule wa mwisho tu, na huo hautoshi.

Hii hapa ankara moja jinsi ilivyosomwa, bei zikiwa kabla ya VAT:

| Bidhaa | Idadi | Bei | Kiasi |
|---|---|---|---|
| Saruji, mifuko | 60 | 16,500 | 990,000 |
| Nondo za milimita 12 | 45 | 24,000 | 1,080,000 |
| Bati | 30 | 28,000 | 840,000 |
| Jumla ndogo | | | 2,910,000 |
| VAT 18% | | | 528,800 |
| Jumla kuu | | | 3,438,800 |

Zidisha mistari mitatu: yote ni sawa. Jumlisha: 2,910,000, sawa. Ongeza VAT: 2,910,000 na 528,800 ni 3,438,800, sawa tena. Karani aliyekagua hapo aliipitisha, na hata mimi ningeipitisha kama ningeishia hapo.

Lakini asilimia 18 ya 2,910,000 ni 523,800. VAT iliyosomwa imezidi kwa 5,000. Tulipoitoa karatasi, muhuri wa duara ulikuwa umegongwa kulia, na ukingo wake ulishuka karibu wima kwenye safu ya viasi. Kwa kuwa viasi hupangwa kuanzia kulia, tarakimu ya maelfu ya VAT na ya jumla kuu zilikaa moja chini ya nyingine. Zote mbili zilikuwa 3, ukingo ukazifunga zote mbili ubavuni, na zote mbili zikawa 8. Makosa mawili yalilingana, na jumla ikakubali. Kiasi halisi kilikuwa 3,433,800.

Bahati mbaya ya namna hii si adimu kama inavyosikika. Muhuri ni mstari mrefu, na safu ya viasi pia ni mstari mrefu. Kwa hiyo kagua mahusiano yote manne, hasa ule wa VAT, kwa sababu wenyewe hautegemei jumla kuu.

12. Nikipata tofauti, inaweza kunionyesha tarakimu iliyoharibika?

Mara nyingi ndiyo. Tofauti ya 5 yenye sifuri nyuma yake inaelekeza kwenye 3 iliyosomwa 8, au kinyume chake. Tofauti ya 6 ni 1 iliyosomwa 7. Tofauti ya 8 ni 0 iliyosomwa 8. Idadi ya sifuri inakupa nafasi: 5,000 ni tarakimu ya maelfu, 50,000 ni makumi elfu. Kwenye ankara ya juu, 5,000 ilitupeleka moja kwa moja kwenye tarakimu ya maelfu ya VAT kabla hata karatasi haijafunguliwa.

Kama tofauti ni kubwa kupita kiasi, kwa mfano 7,000,000 kwenye ankara isiyofika milioni, tafuta tiki iliyosomwa kama tarakimu ya mbele.

Usiirekebishe tarakimu kwa hesabu peke yake. Hesabu inakuonyesha pa kuangalia, picha ndiyo inayothibitisha. Ipo siku muuzaji mwenyewe amekosea kuzidisha, na ukisahihisha kimya kimya unaficha kosa ambalo mlitakiwa kumrudishia.

13. Tesseract inatoa alama ya uhakika kwa kila neno. Siwezi kuitegemea hiyo?

Itumie, lakini kwa upande mmoja. Utaipata hivi, kwenye safu ya `conf`:

```
tesseract safi.png tokeo --psm 6 tsv
```

Alama ya chini ni ishara ya kweli kuwa pana shida. Alama ya juu haithibitishi chochote. Namba hiyo inaeleza jinsi umbo lilivyofanana na tarakimu iliyochaguliwa, na 3 iliyofungwa vizuri na ukingo wa muhuri ni 8 nzuri kabisa. Programu haina habari kuwa nusu ya umbo hilo ni wino wa mtu mwingine.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni kuisoma picha mara mbili: mara moja kwa kijivu cha kawaida na mara moja baada ya kutoa rangi kwa njia ya swali la 8. Tarakimu zinazotofautiana kati ya masomo mawili ndizo zilizoguswa na muhuri. Hizo peke yake zipeleke kwa mtu.

## Hali ngumu

14. Mpokeaji amekata "60" kwa kalamu na kuandika "58" juu yake. Niingize ipi?

Zote mbili, kwenye safu mbili tofauti. Hapa mwandiko si uchafu, ndio habari yenyewe: mifuko miwili haikufika. Iliyochapishwa inaonyesha alichodai muuzaji, iliyoandikwa inaonyesha kilichopokelewa, na tofauti yake ndiyo mtakayodai irekebishwe kwa hati ya punguzo.

Kwa bahati mbaya hapa ndipo usafishaji unapodhuru. Kalamu ya bluu inatoka pamoja na muhuri, 60 inabaki imesimama safi, idadi mara bei inakubali, na hakuna kipimo chochote cha swali la 11 kitakachopiga kelele. Ndiyo maana baada ya kusafisha inafaa kutazama pia kile kilichotolewa. Toa picha iliyosafishwa kwenye picha ya awali, angalia eneo la jedwali la bidhaa, na kama pana wino wa kutosha ndani ya safu za idadi na bei, karatasi hiyo isipite bila mtu kuitazama. Muhuri chini ya ukurasa ni jambo la kawaida, lakini wino wa kalamu ndani ya safu ya idadi mara zote una maana.

15. Je, skana yenyewe inaweza kubadilisha tarakimu, bila muhuri wala saini?

Imewahi kutokea. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, alionyesha kuwa baadhi ya mashine za Xerox WorkCentre zilikuwa zikibadilisha tarakimu kwenye skani. Kwenye ramani moja ya nyumba, chumba cha mita za mraba 21.11 kilitoka kimeandikwa 14.13, kama cha jirani. Chanzo kilikuwa mbano wa JBIG2: mashine ilikusanya vipande vinavyofanana, ikahifadhi kimoja na kukibandika mahali pa vingine ili faili liwe dogo. Kampuni ilitoa marekebisho ya programu zake.

Alama yake ni kwamba tarakimu isiyo sahihi inaonekana safi kabisa, haina doa. Ukikuta hivyo kwenye skani, linganisha na karatasi kabla ya kulaumu OCR, na kwenye mipangilio ya skana uepuke chaguo la faili dogo kuliko yote.

16. Muhuri umegongwa juu ya risiti ya EFD. Nayo nifanyeje?

Usihangaike na OCR. Risiti za EFD zina msimbo wa uhakiki na nyingi zina QR, na kwa hizo unaweza kuifungua risiti kwenye ukurasa wa uhakiki wa TRA na kusoma kiasi pale. QR imetengenezwa ikijua kuwa itachafuka. Kutegemea kiwango kilichochaguliwa, inaweza kusomeka hata ikiwa imepoteza kati ya asilimia 7 na 30 ya vipande vyake. Tarakimu iliyochapishwa haina akiba kama hiyo.

Risiti hizi huchapishwa kwa joto na hufifia zikikaa juani au garini, kwa hiyo ziskani siku ileile.

17. Picha iliyosafishwa niihifadhi badala ya ya awali?

Hapana. Iliyosafishwa ni ya kusomwa na programu tu, na imeondolewa muhuri na saini, yaani vile vitu ambavyo mkaguzi wa hesabu atakuja kuvitafuta. Hifadhi skani ya rangi jinsi ilivyotoka, na safi uifute baada ya kazi au uiweke folda tofauti lenye jina lisilochanganya.

18. Tarakimu haisomeki hata kwa macho, na karatasi halisi haipo tena. Nini kinabaki?

Hesabu inaweza kukupa jibu moja tu, au mawili. Tuseme jumla kuu inasomeka 3,4?3,800 na jumla ndogo ni 2,910,000 isiyoguswa: basi hakuna tarakimu nyingine inayowezekana zaidi ya 3. Iandike, na pembeni andika kuwa imepatikana kwa hesabu, si kwa kusomwa.

Kama kilichofunikwa ni idadi na kiasi cha mstari uleule, hesabu ya mstari huo haikusaidii, lakini jumla ndogo bado inaweza. Toa viasi vingine vyote, kinachobaki kigawe kwa bei, na kikigawanyika bila baki umepata idadi. Kikitoa desimali, kuna tarakimu nyingine iliyoharibika ambayo hujaiona. Hapo acha seli tupu, andika "imefunikwa na muhuri", na umpigie muuzaji akutumie nakala yake, ambayo haijapita kwenye kaunta yenu na kwa hiyo haina muhuri wenu.